Anayeanza Vim asikimbilie i

Wengi wanaomfundisha mgeni Vim, programu ya kuhariri maandishi, humwambia: bonyeza `i`, andika, bonyeza `Esc`, kisha hifadhi na utoke kwa `:wq`. Nadhani huko ni kumpotosha. Anaishia kukaa kwenye hali ya kuandika muda wote, akihangaika na vishale, na hali ya kawaida, ambako vitufe ni amri, anaiona kero tu.

Bill Joy aliandika vi, mzazi wa Vim, mwaka 1976 huko Berkeley. Nyumbani alikuwa akitumia modemu iliyopitisha takriban herufi 30 kwa sekunde, na kibodi ya terminali yake, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya vishale vya peke yake: vilichorwa juu ya H, J, K na L. Ilibidi herufi zenyewe ziwe amri. Modemu zile zimepita, lakini sababu nyingine bado ipo. Kwenye faili lililokwisha kuandikwa, kazi kubwa ni kusoma, kusogea na kurekebisha, ndiyo maana Vim hukufungulia hali ya kawaida kwanza.

Tuseme seva imehamishwa, na una mistari hii:

```
web = "localhost"
api = "localhost"
log = "localhost"
```

Weka kielekezi mstari wa kwanza, kisha bonyeza `ci"`. Hapo `c` ni badilisha, `i"` ni kilichomo ndani ya alama za kunukuu. Neno linafutika na umeshaingia hali ya kuandika bila kugusa `i` ya kuanzia. Andika `10.0.0.5`, bonyeza `Esc`. Sasa `j` ushuke, halafu nukta: `.`. Mstari wa pili umebadilika. Tena `j`, tena `.`, umemaliza.

Nukta hurudia badiliko la mwisho, lote zima. Ndiyo maana nasisitiza kuingia, kuandika kidogo, na kutoka kwa `Esc`. Ukitumia vishale ukiwa ndani ya hali ya kuandika, badiliko linakatika vipande, na nukta itarudia kipande cha mwisho tu.

Kusahau uko hali gani kutakupata, na dalili zake ni wazi. Andika "habari" ukiwa hali ya kawaida: `h` itasogeza kielekezi kushoto, `a` itafungua uandishi, na kwenye skrini itatokea "bari". Ukiona maneno yamekatwa vichwa namna hiyo, bonyeza `Esc`, kisha `u` kutengua. Mistari ikianza kuungana kila ukitaka kushuka, angalia Caps Lock: `J` kubwa huunganisha mistari. Ukiwa na shaka, tazama chini kushoto. `-- INSERT --` ikionekana, unaandika.

Kwa wiki ya kwanza ningempa mgeni `h j k l` za kusogea, `w` ya kuruka neno, `cw` ya kubadilisha neno, `ci"`, `dd` ya kufuta mstari, `u` na nukta. Na `:q!`, atoke bila kuhifadhi siku akiharibu faili.