Bei moja ya mita, au masharti yabaki pembeni?

"Tuna nukuu tatu za waya uleule wa mtandao, moja kwa yuro, moja kwa dola na moja kwa yuan, na kila moja imepangwa kivyake. Tuziyeyushe zote ziwe bei moja ya mita, pamoja na siku za kuleta na muda wa bei, au masharti tuyaache pembeni?"

Wanunuzi wenye uzoefu hugawanyika hapa, na kila upande una hoja nzito. Wanaotaka namba moja wanasema kwamba masharti yakibaki pembeni, mwenye kuamua atayatumia kumpa kazi amtakaye: leo haraka ni muhimu, kesho bei ndiyo muhimu. Wanaotaka safu nyingi wanajibu kwamba namba moja hubeba makisio ya mtu fulani, na bosi anayesaini haoni makisio hayo. Mimi nasimama karibu zaidi na hawa wa pili, ila kwanza inabidi nikiri kwamba sehemu kubwa ya kazi haina ubishi hata kidogo. Tuipitie kwa mfano.

Tuseme mahitaji ni mita 12,000. Muuzaji wa kwanza ameandika barua: yuro 88 kwa boksi la mita 305, EXW, yaani mzigo unauchukua kwenye lango la kiwanda chake. Wa pili ametuma jedwali: dola 52.80 kwa rola ya mita 100, mzigo hadi ghalani kwako, VAT ndani. Wa tatu ana ankara kifani: yuan 600 kwa boksi la futi 1,000, CIF bandarini kwako, yaani bima na usafiri wa bahari vimo, oda isipungue maboksi 50. Siku hiyo, kwa mfano wetu, yuro moja ni dola 1.10 na dola moja ni yuan 7.20.

Ukigawanya bei kwa urefu na kubadilisha fedha bila kuangalia kingine, unapata senti 31.7 za dola kwa mita kwa wa kwanza, 52.8 kwa wa pili na 27.3 kwa wa tatu. Wa pili anaonekana karibu mara mbili ya wa tatu. Nimeona majedwali ya namna hii yakipelekwa kwenye kikao na muuzaji akakatwa papo hapo, na inaniuma kila mara, kwa sababu hakuna kilicholinganishwa hapo. Bei ya kwanza inaishia kwenye lango la kiwanda, ya tatu inaishia bandarini, ya pili inaishia mlangoni kwako na kodi imo ndani.

Kwa hiyo zote zifikishwe mahali pamoja, yaani ghalani. Chini ya EXW mnunuzi ndiye anayegharimia kila kitu kuanzia langoni, hata taratibu za forodha za kutoa mzigo nchini kwa muuzaji. Tuweke dola 500 za usafiri na bima hadi bandari yetu, ushuru wa forodha asilimia 10, na dola 290 za kugomboa na kusafirisha hadi ghalani. Mita 12,000 zinahitaji maboksi 40, kwa kuwa 39 hayatoshi. Hiyo ni yuro 3,520, sawa na dola 3,872, na gharama zote zikiingia inakuwa dola 5,099.20. Wa pili tunamtoa VAT. Tukichukua kiwango cha asilimia 20, tunagawanya 52.80 kwa 1.2 na kupata dola 44. Wengi hukata asilimia 20 ya 52.80 na kupata 42.24, na kosa hilo hupita bila kuonekana kwa sababu jibu linafanana na la kweli. Rola 120 ni dola 5,280. Wa tatu ni yuan 30,000 kwa maboksi 50, sawa na dola 4,166.67. Bima na usafiri wa bahari tayari vimo, kwa hiyo unaongeza ushuru na dola 290 tu, na jumla inakuwa 4,873.33.

Fomula moja inawatosha wote watatu: D ni bei, E idadi, F dola ngapi kwa kila yuro au yuan moja, G usafiri na bima, H ushuru, I gharama za ndani, J mita.

```
=((D2*E2*F2+G2)*(1+H2)+I2)/J2
```

Kwa muuzaji wa pili unaweka 44 isiyo na VAT kwenye D, 1 kwenye F na sifuri kwenye G, H na I; kwa wa tatu G ni sifuri. Bei aliyoiandika muuzaji, pamoja na kipimo chake na fedha yake, ibaki kwenye safu zake bila kuguswa, ili mtu wa pili aweze kukagua. Ninasisitiza hili kwa sababu niliwahi kuingiza "1.250" kutoka kwenye nukuu ya yuro kama moja na robo. Kwa aliyeiandika, nukta ile ilitenganisha maelfu. Kama ningekuwa nimefuta maandishi yake ya asili, hakuna ambaye angegundua.

Sasa swali la J, na hapa ndipo namba moja inapoanza kuficha jambo. Wa tatu anakulazimisha kununua mita 15,240. Ukigawanya jumla yake kwa mita hizo, bei ni senti 32.0. Ukigawanya kwa mita 12,000 unazozihitaji, ni senti 40.6. Fedha ni ileile, lakini tofauti ni zaidi ya robo. Mimi nagawanya kwa mahitaji, isipokuwa kama kuna kazi nyingine inayojulikana itakayotumia kilichobaki. Waya uliolala ghalani haukupunguzii gharama ya kazi hii. Lakini hayo ni maamuzi, si hesabu, na yaandikwe wazi juu ya jedwali.

Kwa mahitaji, basi, tunapata senti 42.5, 44.0 na 40.6. Pengo lililokuwa karibu mara mbili sasa ni chini ya asilimia tisa. Hadi hapa wanaotaka namba moja wana haki kabisa: kipimo, kodi, usafiri na ushuru ni fedha inayojulikana, na kuiacha pembeni ni kumpotosha msomaji. Lazima tu bidhaa iwe ileile. Waya wa shaba tupu na waya wa alumini uliopakwa shaba huuzwa kwenye maboksi yanayofanana, na kama bei ya mmoja ingebaki chini sana hata baada ya hesabu hii, ningeomba karatasi ya vipimo kabla ya kitu kingine.

Ubishi wa kweli uko kwenye muda. Wa kwanza anasema bei itadumu siku 30 na mzigo utakuwa tayari wiki nne baada ya oda. Chini ya EXW, "tayari" maana yake ni tayari langoni kwake, kwa hiyo ongeza wiki mbili za njiani. Wa pili analeta ndani ya siku tano kama mzigo haujauzwa kabla, na bei yake ni ya siku saba. Wa tatu anahesabu siku 45 tangu apokee malipo ya awali, ndipo meli ianze safari.

Njia ya namba moja ipo na inatumika rasmi. Nyaraka za zabuni za Benki ya Dunia za ununuzi wa bidhaa humruhusu mnunuzi kutangaza mapema kipindi anachokubali kuletewa mzigo. Anayeahidi kuleta kabla ya kipindi hicho hapewi nyongeza ya sifa, anayekuja baada yake anaondolewa, na aliye katikati huongezewa kiasi kwenye bei kwa ajili ya tathmini tu. Zabuni ambayo bei yake inadumu muda mfupi kuliko uliotakiwa hukataliwa, na sarafu ya tathmini, chanzo cha kiwango cha fedha na tarehe yake hutajwa kabla. Ninaiheshimu njia hii. Pale penye mistari 400 ya bidhaa na wazabuni 15 sioni nyingine inayofaa, kwa sababu kanuni imewekwa kabla ya yeyote kuona bei, na mzabuni aliyeshindwa anaweza kuonyeshwa sababu.

Lakini kwa nukuu tatu mezani, na bei umeshaziona, kiasi chochote utakachobuni kwa kila siku ya kuchelewa kitakuwa kile kinachompa ushindi uliyemwelekea tayari. Ndiyo maana mimi naigeuza hesabu. Siigeuzi siku kuwa fedha, bali naigeuza tofauti ya fedha kuwa siku. Wa kwanza ni nafuu kuliko wa pili kwa dola 180.80. Kama mafundi wakikaa bila kazi wanagharimu dola 120 kwa siku, unafuu wote unaisha kwa siku moja na nusu ya kuchelewa. Mwenye kusaini anaelewa sentensi hiyo mara moja, na anaijua kazi yake kuliko mimi: anajua kama mafundi wataingia wiki ya pili au ya nane.

Fedha za kigeni nazifanyia vivyo hivyo. Siku 30 za muuzaji wa kwanza zinashikilia yuro 88, hazishikilii dola zako. Ukiuliza ni kiwango gani kitamfanya alingane na wa pili, hesabu inatoa takribani dola 1.147 kwa yuro, yaani yuro ikipanda kidogo zaidi ya asilimia nne. Kama malipo yatafanyika miezi miwili ijayo, huo si mwendo wa ajabu. Namba moja ya senti 42.5 isingekuambia hilo kamwe.

Muda wa bei nao haugeuki kuwa fedha kwa namna yoyote ninayoiamini. Unageuka kuwa tarehe. "Siku 30" ni tangu siku ya barua au tangu uipokee? "03/04" ni tarehe tatu Aprili au nne Machi? Uliza, kisha andika siku ya mwisho kamili, na kando yake siku ambayo oda itatoka kweli baada ya saini zote. Kama idhini huchukua siku 12, bei ya siku saba ya muuzaji wa pili ni taarifa tu, si bei. Shaba huuzwa na kununuliwa kila siku katika Soko la Metali la London, na muuzaji mwenye mzigo wa shaba ana sababu ya haki ya kutojifunga muda mrefu.

Katika mfano huu wa tatu anatoka kwa siku zake, kama waya unahitajika ndani ya wiki sita. Kati ya wawili waliobaki ningemwandikia wa pili leo hii, nikimwomba mambo mawili kwa maandishi: aongeze siku nane kwenye muda wa bei, na atutengee rola 120 hadi tarehe hiyo. Akikubali, ningependekeza yeye, ingawa ni ghali kwa zile dola 180.80. Akikataa, senti 44.0 inafutwa kwenye jedwali na namba yake mpya inaingia siku idhini itakapotoka.