Siumwi, sijafiwa: maneno ya chini ya picha ya nywele mpya

Jumapili iliyopita mpwa wangu alibandika Instagram picha ambayo, kwa haki, ni nzuri kuliko zote alizowahi kupigwa. Amekaa kibarazani, jua la saa kumi na moja jioni linampiga ubavuni, na nywele zake, ambazo kwa miaka sita tulizizoea zikiwa zimelala mabegani kwa nguvu ya dawa, sasa ni fupi, nyeusi, zimejikunja zenyewe na kumwacha shingo na masikio wazi. Nilifurahi mpaka nikaita watu waje kuona. Kisha nikashuka chini ya picha kusoma alichoandika, nikakutana na maneno matatu: "Wenye wivu wajinyonge."

Nilijiuliza ni akina nani hao. Binti huyu ana wafuasi mia tatu na kidogo, nusu yao ni ndugu, na waliobaki ni watu aliosoma nao, ambao wengi wao wasingejua kwamba amekata nywele kama asingewaonyesha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepata muda wa kuona wivu, lakini wote walikuwa wamekwisha kupangiwa kitanzi.

Lakini yupo mmoja aliyejiona ametajwa. Wiki mbili kabla yake, mke wa kaka yake alikuwa amemtania mbele za watu kwamba akiacha dawa atarudi kuwa na kipilipili cha darasa la saba. Ulikuwa utani wa wifi kwa wifi, na mpwa wangu anaapa kwamba alikuwa ameshausahau. Wifi hakuusahau. Alipoyasoma yale maneno hakuuliza wala hakununa hadharani. Alitoka kimya kimya kwenye kundi la WhatsApp la familia saa nne usiku, na asubuhi watu wazima wanne tulikuwa kwenye simu tukitafuta chanzo cha mgogoro ambao ulianzia saluni.

Watanijibu kwamba kijembe ni urithi wetu, na kanga zimekuwa zikisema maneno makali tangu enzi za bibi zetu. Nakubali, tena bila kulazimishwa, kwa sababu mimi mwenyewe ninayo kabatini ile ya "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake," na sikuinunua kwa ajili ya rangi. Lakini aliyewahi kuivaa kanga ya namna hiyo anajua kwamba kazi yote ilikuwa katika kuipeleka. Mtu alichagua siku, akachagua njia ya kupita, akapita mbele ya mlango uleule aliokusudia, na aliyekusudiwa akasoma jina la kanga, akaelewa, huku majirani wengine wakiona nguo tu. Kijembe kilikuwa na anwani. Hata anayekivaa alikuwa na pa kujificha, kwani angeweza kusema ameletewa zawadi na hakuwa amesoma. Chini ya picha ya mtandaoni anwani haipo: maneno yaleyale yanamfikia mama mkwe, mwalimu wa zamani, bosi na mtoto wa jirani kwa wakati mmoja, na kila mwenye kovu dogo analipapasa akijiuliza kama ndilo lililokusudiwa. Kisha picha yenyewe, iliyostahili kutazamwa, inasahaulika, kwa maana watu wote wamehamia kwenye uchunguzi wa nani amesemwa. Mpwa wangu alipata maoni 14 siku hiyo, na tisa kati yake yaliuliza, kwa namna mbalimbali, amegombana na nani. Kuhusu nywele waliandika watatu.

Alinipigia simu jioni. "Shikamoo shangazi. Sasa niandike nini?" Nikamwambia aje na simu yake tukae.

Pendekezo lake la kwanza lilikuwa "Mungu ni mwema kila wakati." Sina ugomvi na maneno hayo, kwani ni kweli tupu; ila yangefaa vilevile chini ya picha ya mahafali, ya kiwanja, au ya pikipiki iliyofungwa tairi jipya. La pili alikuwa ameliandika usiku kwa machozi, mistari kumi na miwili, likianza hivi: "Nilikuwa nikijitazama kwenye kioo na kujichukia." Hapo kuna jambo la ufundi ambalo waandikaji wengi hawalifikirii. Instagram inaruhusu herufi 2,200, lakini msomaji anayepita haraka huonyeshwa takriban 125 za mwanzo tu, na zilizobaki hujificha mpaka aguse. Mwisho wa maelezo ya mpwa wangu ulikuwa wa furaha, lakini furaha ilikuwa mstari wa kumi na moja. Ambacho ndugu wangekiona ni binti anayejichukia, mwenye nywele fupi ghafla. Wangepanda basi usiku huohuo.

Kwa kuwa hilo ndilo suala lenyewe, nitalikalia kidogo. Picha ya mwanamke aliyesuka inajieleza. Picha ya mwanamke ambaye juzi alikuwa na nywele za mabegani na leo hana, kwetu, haijielezi hata kidogo, inauliza. Wapo wanaonyoa wakifiwa, wapo wanaopoteza nywele kwa maradhi au kwa matibabu yake, wapo walioungua na dawa kichwani wakakosa la kufanya. Mtazamaji anayekupenda huanza na hofu kabla ya kufika kwenye urembo, na ukimwachia hofu hiyo atakuja kukuuliza faraghani "kulikoni?" mara arobaini. Kwa hiyo maneno ya chini ya picha hii yana kazi moja ya kwanza, nayo ni kusema lile ambalo picha haina uwezo wa kulionyesha, yaani kilichotokea kabla haijapigwa.

Na kilichotokea kilikuwa kirefu. Mpwa wangu alikuwa na nywele fupi miaka yote ya sekondari, kama ilivyo kanuni ya shule nyingi, na alipomaliza kidato cha nne alikimbilia dawa kama wenzake wote. Mwaka jana alichoka. Lakini dawa ikishanyoosha unywele haiutoki, na kinachoota baada yake kinatoka kichwani kikiwa kipilipili chake cha asili. Basi kichwa kimoja kinakuwa na nywele za aina mbili, na pale zinapoungana ndipo zinapokatika kila zikichanwa. Alisuka rasta, akafumua, akapumzisha, akasuka tena, miezi minane, akisubiri mizizi irefuke kwa mwendo wake wa takriban sentimita moja kwa mwezi. Siku msusi alipochukua mkasi na kuikata sehemu yote ya dawa, zilibaki nywele ambazo ukizivuta zinafika sentimita nane na ukiziachia zinarudi kuwa kama tatu. Ndiyo maana kwenye picha zinaonekana fupi kuliko zilivyo. Haya yote hayamo kwenye picha, na ndiyo yanayoipa thamani.

Nilimwambia aniambie habari hiyo kwa mdomo, kama anavyomsimulia mtu mlangoni, bila kukaa. Akasema: "Miezi minane nimezificha chini ya rasta, leo nimekata dawa yote." Nikamwambia aandike hivyohivyo. Akaongeza kwa mzaha, kwa sababu mama yake alikuwa ameshapiga simu mara mbili: "Siumwi, sijafiwa." Nikamwambia hilo pia aliandike, wala asiliguse. Jumla yake haifiki herufi mia moja ukihesabu na nafasi, kwa hiyo yote yanaonekana bila mtu kugusa chochote. Swali la hofu limejibiwa, na kicheko kimo. Ukitaka kujua kama maneno yako yamefaa, yabandike kiakilini chini ya picha ya mtu mwingine. Yakikaa vizuri pale, si yako bado.

Ule mstari wa kujichukia niliomba aufute kabisa, na hapa sitanii. Watu wana tabia ya kuweka picha mbili, ya kabla na ya baada, kisha wakaitukana ile ya kabla: nilikuwa kituko, nilikuwa sitazamiki. Mdogo wake mwenye umri wa miaka kumi na mitatu anazo nywele zilezile, amefanana naye uso mpaka pua, na yeye bado yuko "kabla." Naye anasoma. Vilevile sikumruhusu aandike kwamba dawa ni utumwa, maana shangazi yake aliyeketi mbele yake aliweka dawa mwezi uliopita na ataweka tena.

Mstari wa pili ulikuwa wa msusi. Mpwa wangu hakuwa amemtaja popote, na nilipomuuliza aliniambia watu hawataji, kama kwamba nywele zilijikata zenyewe zikashuka kutoka mbinguni zikiwa zimesawazishwa. Mwanamke yule alisimama saa mbili na nusu, akakata kidogo kidogo huku nywele zikiwa na maji ili aone zinapojikunja, kwa sababu ukizikata zikiwa zimenyooshwa upande mmoja utakuja kupanda juu ya mwingine. Kumtaja kunahitaji maneno machache: "Aliyekata ni msusi wangu wa Makorora, ulizeni namba." Wanaume nao wasijifiche, anayeonyesha kichwa kilichochongwa mstari ulionyooka kama rula aeleze kinyozi ni wa wapi. Na aliyevaa wigi asiandike "zangu hizi," maana tunazijua.

Kitu kimoja nilishindwa nacho. Alitaka kuacha pia vile vikatuni vya miali ya moto, saba kwa mpigo, mwishoni mwa sentensi. Tulibishana, nikakubali kimoja, akaweka vitatu.

Uzuri wa Instagram ni kwamba maneno hurekebishwa bila kuiondoa picha, basi alibadilisha palepale mezani. Ile aliyoiweka pia kwenye stetasi hatukuhangaika nayo, ikafa yenyewe ilipotimiza saa zake 24. Kufikia Jumanne jioni watu wanne walikuwa wameomba namba ya msusi, na mama mmoja wa kanisani aliandika kwamba na yeye yuko mwezi wa tano chini ya rasta na hajui kama atakuwa na ujasiri.

Jumatano wifi yake alirudi kwenye kundi la familia. Hakueleza alikokuwa, na hakuna aliyemuuliza. Aliituma picha ileile, akaizungushia duara jekundu kisogoni, akaandika: "Wifi, hapa nyuma msusi alipunguza kwa mkasi au kwa mashine?"