Anzeni na 1 + cos θ, msiikwepe

Kijana mmoja ninayemsaidia hesabu jioni alinionyesha daftari lake wiki iliyopita. Alikuwa ametafuta urefu wa kadioidi, ule mkunjo wenye umbo la moyo, r = a(1 + cos θ), akapata sifuri. Aliikagua kazi yake mara tatu bila kuona kosa, na kwa kweli kila mstari ulionekana safi.

Tuupitie. Urefu ni intigrali ya kipeuo cha pili cha r² + (dr/dθ)². Hapa dr/dθ = −a sin θ. Ukitanua miraba na kukumbuka kwamba cos² θ + sin² θ = 1, unabaki na

2a²(1 + cos θ)

Kipeuo cha pili cha kitu hicho hakiintigretiki kirahisi kikiachwa hivyo. Ndipo kanuni ya nusu pembe inapoingia: 1 + cos θ = 2cos²(θ/2). Sasa ndani ya kipeuo kuna 4a²cos²(θ/2), mraba mtupu, na kipeuo kinaondoka.

Kijana wangu aliandika 2a cos(θ/2). Akaintigreti kutoka 0 hadi 2π, akapata 4a sin(θ/2), ambayo ni sifuri kwenye ncha zote mbili. Lakini kipeuo cha pili cha x² si x, ni |x|. Kosaini ya θ/2 inakuwa hasi mara θ inapovuka π, kwa hiyo nusu ya chini ya moyo ilihesabiwa kama urefu hasi, ikaifuta nusu ya juu. Ukiandika 2a|cos(θ/2)|, kila nusu inatoa 4a, na jumla ni 8a.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wengi. Wengine huanza na r = a(1 − cos θ), kwa sababu pale inatokea sin(θ/2), ambayo haiwi hasi kati ya 0 na 2π. Jibu la 8a linatoka bila mtu kugusa ile mistari miwili ya wima. Wengine husema tu, "chukua nusu ya juu uzidishe kwa mbili, kuna ulinganifu." Ni kweli, lakini mwanafunzi haelewi kwamba ulinganifu ule ulikuwa unamwokoa na alama ya hasi. Hata ukitumia −π hadi π, jibu la kijana lingetoka 8a bila mistari ile, na kosa lingebaki limejificha hadi mtihani mwingine.

Mimi ningeanza na ile ngumu, nimwache apate sifuri, kisha nimwulize umbali wa kutoka (2a, 0) hadi kwenye kitovu na kurudi. Hata kwa mstari ulionyooka ni 4a. Mkunjo unaopita njia hiyo kwa kuzunguka hauwezi kuwa mfupi kuliko hapo, seuze sifuri.