Churchill wa Kisumu hangetambulika

Winston Churchill alifika Kisumu mwaka 1907. Alipanda gari la moshi kutoka Mombasa, akapita Nairobi na Nakuru, akashuka huku kwetu ziwani na kuchukua meli ya kumvusha kwenda Uganda. Alikuwa na miaka 32, naibu waziri wa makoloni, na nywele zilikuwa bado zipo kichwani ingawa zimeanza kupungua. Sasa tuseme mtu anakuja leo kupiga filamu ya safari hiyo pale bandarini, na kwa bahati anampata kijana wa Kiingereza aliyefanana na Churchill wa mwaka ule kama pacha. Watazamaji watauliza, “Huyu mzungu ni nani?” Mpe kijana huyohuyo tumbo la sponji, mashavu ya silikoni, kipara na sigara nene, na hata mtoto wa shule atasema ni Churchill. Sura ya uongo itakubaliwa, ya kweli itakataliwa.

Mimi hupaka watu mekapu hapa Kisumu. Arusi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Michezo ya kuigiza na filamu ndogondogo nazifanya kwa kuzipenda. Ninachoona kutoka upande wa kiti changu ni kwamba mekapu ya filamu za kihistoria haimfuati mtu. Inafuata picha moja ya mtu huyo, ile ambayo sote tumeishika kichwani. Kwa Churchill, picha hiyo ilipigwa Ottawa, Kanada, Desemba 1941, na mpigapicha Yousuf Karsh. Karsh alimsogelea, akamchomoa sigara mdomoni, kisha akabonyeza. Uso ule uliokunjamana ambao dunia inauita ushujaa ni uso wa mzee aliyenyang'anywa sigara yake. Sasa uko kwenye noti ya pauni 5 ya Uingereza. Sekunde moja ya hasira imegeuka kuwa sura rasmi ya mtu aliyeishi miaka 90.

Tuingie kazini kwenyewe, maana wengi wanadhani ni kupaka poda na kubandika pua. Katika filamu ya Darkest Hour ya mwaka 2017, Gary Oldman aligeuzwa Churchill wa mwaka 1940 na Kazu Hiro, fundi mzaliwa wa Japani ambaye wakati ule alijulikana kama Kazuhiro Tsuji na alikuwa ameshaacha filamu ili achonge sanamu. Oldman ndiye aliyemrudisha. Oldman alikaa kitini zaidi ya saa 3 kila siku ya kupiga picha, na kwa jumla saa zilifika kama 200. Mwaka 2018 Oldman akachukua tuzo ya Oskari ya mwigizaji bora, na Hiro na wenzake wawili, David Malinowski na Lucy Sibbick, wakachukua ya mekapu.

Kazi huanza kwa kuchukua umbo la uso wa mwigizaji. Anapakwa uji mzito unaoganda, wa jamii ile ile anayoitumia daktari wa meno kuchukua umbo la meno, matundu ya pua pekee yakiachwa wazi, kisha juu yake zinawekwa bandeji za plasta. Ukivua na kumwagia ndani, unapata kichwa kigumu cha mwigizaji. Juu ya kichwa hicho fundi anafinyanga udongo: shavu hapa, kidevu cha pili pale, mikunjo ya shingo. Ile nafasi kati ya uso wa mwigizaji na uso wa udongo ndiyo nyama inayotakiwa. Unaitengenezea kalibu, unaimwagia silikoni iliyokwisha kutiwa rangi ya ngozi, na inatoka vipande vipande. Katikati kipande kinaweza kuwa kinene kama nyama halisi, lakini ukingoni lazima kiwe chembamba kuliko karatasi, ndipo kitayeyuka kuingia kwenye ngozi bila mstari kuonekana. Kingo hizo huchanika wakati wa kuvua jioni, kwa hiyo kila siku ya kazi inataka vipande vipya.

Zamani vipande hivi vilikuwa vya povu la mpira. Povu ni jepesi ila mwanga hauingii ndani yake, kwa hiyo karibu na kamera uso hufanana na ukuta uliopigwa rangi. Silikoni hupitisha mwanga kidogo kama ngozi, na ndiyo maana siku hizi kamera inaweza kusogea hadi kwenye vinyweleo. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna mtego wake: ukiweka kahawia moja tupu juu ya silikoni, mtu anatoka na rangi ya majivu. Lazima uanze na wekundu chini, halafu matone ya rangi mbalimbali juu yake, mengine karibu ya buluu, yasichanganyike. Ngozi ya mtu haijawahi kuwa na rangi moja.

Kizuizi kikubwa cha kazi hii ni kwamba unaweza kuongeza tu, kupunguza huwezi. Uso wa Oldman ni mrefu na macho yake yamekaribiana. Churchill alikuwa na uso wa duara na macho yaliyoachana. Hakuna gundi ya kusogeza jicho. Na ukijaza mashavu mpaka yafikie upana wa Churchill mwenyewe, yale macho yaliyokaribiana yanazidi kuonekana yamepotea katikati ya mkate. Basi fundi anasimama njiani. Anaongeza hadi pale jicho la mtazamaji linapokubali, kisha anaacha. Kinachobaki ni uso wa mtu wa tatu, ambaye si Oldman wala Churchill, na hajawahi kuzaliwa. Weka picha ya Karsh kando ya picha ya filamu ile utaiona tofauti upesi, lakini sinemani hakuna anayekaa na picha ya Karsh mapajani.

John Lithgow naye alimwigiza Churchill kwenye tamthilia ya The Crown. Ni Mmarekani mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 190, wakati Churchill alikuwa mtu wa kimo cha kawaida tu. Watu walimkubali vilevile! Mgongo uliopinda, tai ya kipepeo, fimbo, na mapatano yakawa yamefungwa.

Sasa, utamjuaje aliye ndani? Mimi huanza na macho yenyewe, yaani mboni na umbali wake, kwa sababu hapo ndipo fundi ana nguvu kidogo. Lenzi hubadili rangi, na kope za bandia zipo, ila umbali haubadiliki. Kisha sikio. Masikio yanaweza kutengenezwa, ila mara nyingi bajeti haifiki huko, na umbo la sikio la mtu ni lake. Halafu naangalia mikono, ambayo husahaulika: uso una miaka 70, vidole vina 40. Mwisho natazama pembe za mdomo mtu anapocheka. Pale ngozi hujikunja sana, jasho hujikusanya chini ya silikoni kwa kuwa haipumui, na kipande huanza kuinuka. Kwa joto la Kisumu la Februari, ukitoka kula chakula cha mchana unamkuta “mzee” wako amevimba mdomo wa juu kama aliyeumwa na nyuki. Unachukua sindano, unatoboa taratibu ukingoni, unakamua maji, unabandika upya. Ukimpaka mwigizaji dawa ya kuzuia jasho asubuhi kabla ya gundi, unapata saa mbili tatu za amani.

Lakini kwangu mimi, kushindwa kumjua mwigizaji si tatizo. Huo ndio ufundi wake. Linalonikera ni upande wa pili, pale mwigizaji anapochukuliwa kuwa ndiye mwenyewe. Na mfano mzuri kuliko wote tunao hapa nyumbani, tena bila silikoni. Joseph Olita, mwana wa Siaya, alimwigiza Idi Amin katika filamu iliyotoka mwaka 1981, iliyotengenezwa na Sharad Patel na kupigwa hapa Kenya. Miaka kumi baadaye akamwigiza tena Amin kwenye Mississippi Masala. Umbo lake, shingo yake na mabega yake vilitosha. Magwanda na medali vikamalizia. Nimeona picha za filamu ile zikizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp zikiitwa picha za Amin. Niliposema kwenye kundi letu la familia kwamba huyo ni Olita, baba mdogo alinijibu, “Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi Amin nilimwona gazetini, huyo ndiye.” Ni kweli alimwona gazetini. Na filamu pia aliiona, na picha hizo mbili zimeshalala kitanda kimoja kichwani mwake zaidi ya miaka arobaini. Sikumbishia zaidi, baba mdogo habishiwi kwenye kundi.

Kwa Forest Whitaker, aliyemwigiza Amin katika filamu ya mwaka 2006 iliyopigwa Uganda na kumpa Oskari, kosa hilo ni rahisi kulinasa. Kope ya jicho lake la kushoto imelegea, ndivyo alivyo. Ukiona “Amin” mwenye jicho hilo, umemwona Whitaker. Olita hakuwa na alama kama hiyo. Kwake inabidi uangalie vitu vilivyomzunguka: mwanga umepangwa, kila mtu kwenye picha anatazama mahali pamoja, sare mpya haina mkunjo, na kamera imesimama mahali ambapo mpigapicha wa gazeti asingeruhusiwa kusimama. Uso hautakusaidia hapo, maana uso ndio uliomfanya achaguliwe.

Ndiyo maana sikubaliani na vijana wetu wanaotaka kila mchezo wa historia uwe na sura iliyonakiliwa. Kundi moja la hapa lilinijia likitaka kumleta Jaramogi Oginga Odinga jukwaani, na baadaye kwenye video, na swali lao la kwanza lilikuwa bei ya silikoni. Niliwauliza wanamtaka Jaramogi yupi: makamu wa rais wa mwaka 1964, au mzee wa miaka ya tisini? Walikuwa hawajafikiria. Walikuwa na picha moja tu kwenye simu, ya uzeeni.

Niliwashauri ndevu za kubandika uzi kwa uzi kwenye wavu, kofia, na usinga. Mkono utakaoshika usinga niupake mimi mwenyewe mpaka kwenye kiwiko, madoa ya uzee na mishipa, kwa sababu kamera itaukaribia huo kuliko uso. Paji la uso liachwe wazi ili mwigizaji aweze kulikunja. Na jina la mwigizaji liandikwe ndani ya picha zenyewe za matangazo, kwa herufi kubwa, chini ya kidevu, mahali ambapo mtu hawezi kulikata bila kuukata uso.

Wamekubali yote isipokuwa hilo la jina. Wanasema linaharibu bango.