Msukumo wa neva: unaruka nodi hadi nodi, au unatiririka ndani ya aksoni?

"Mwalimu anachora mishale inayopita juu ya myelini na kusema msukumo wa neva unaruka kutoka nodi moja hadi nyingine. Sasa ukiwa katikati ya nodi mbili unakuwa wapi? Au kwa muda huo haupo?" (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Dodoma)

Upo, mwanangu. Ndani ya aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, chini ya myelini, ala ya mafuta inayouvika uzi huo, kuna mkondo wa umeme unaosonga mbele muda wote, na wakati volteji ya nodi moja imefika kileleni, ya nodi kadhaa zilizo mbele yake imeshaanza kupanda. Lakini usiende kumwambia mwalimu wako kwamba amekosea. Mishale ile ina ushahidi nyuma yake, na walimu wa biolojia ninaozungumza nao hapa mjini wanaitetea kwa hoja zenye uzito. Mimi nina upande wangu, ila nitaanza na wao.

Kwanza tuielewe nodi yenyewe. Ni sehemu ya aksoni iliyo wazi, yenye urefu wa mikromita moja hivi, kati ya vipande viwili vya myelini ambavyo kwenye nyuzi nene kila kimoja hufikia milimita moja. Katika upenyo huo mwembamba zimesongamana chaneli za sodiamu, zaidi ya 1000 kwa kila mikromita ya mraba. Neva ikiwa imetulia, ndani ya aksoni kuna volteji ya takriban −70 milivolti ukilinganisha na nje. Kila chaneli ni protini moja kubwa yenye sehemu nne, na kila sehemu ina kijiti chenye chaji chanya ambacho uhasi wa ndani hukivuta na kukishikilia. Volteji ikipanda hadi kizingiti cha karibu −55, vijiti hivyo vinaachiwa na kusogea upande wa nje, tundu linafunguka, na sodiamu inaingia kwa kasi hadi ndani kunakuwa chanya, takriban +30. Kabla hata milisekunde moja haijaisha, kizibo cha upande wa ndani kinaziba tundu lilelile, na hakitoki mpaka volteji irudi chini. Hicho kizibo ndicho kinachofanya msukumo usigeuke kurudi ulikotoka, kwa sababu nodi za nyuma bado zimezibwa.

Vitabu vingi vinasema chaneli za potasiamu ndizo zinazoishusha volteji. Kwa aksoni kubwa ya ngisi, ambayo wanafiziolojia Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliifanyia kazi zao za mwaka 1952, ni kweli kabisa. Kwenye nodi za mamalia chaneli za potasiamu za haraka ni chache, nyingi zimejificha chini ya myelini pembeni ya nodi. Huko volteji inashuka hasa kwa sababu sodiamu imezuiwa kuingia na chaji iliyopo inavuja. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi mgawanyo wa chaneli kwenye aksoni ulivyo jambo la msingi: wapi zipo, na wapi hazipo.

Hapo ndipo watetezi wa mishale wanaposimama, na wanasimama vizuri. Chini ya myelini chaneli za sodiamu ni chache mno, kwa hiyo sodiamu inaingilia kwenye nodi tu. Mwaka 1949 Andrew Huxley na Robert Stämpfli walichukua uzi mmoja wa neva ya chura na kupima mkondo hatua kwa hatua kwa urefu wake. Walipopima sehemu mbalimbali za kipande kimoja cha myelini, mkondo ulitokea karibu wakati uleule. Walipoivuka nodi, ukachelewa ghafla. Ukichora majibu hayo unapata ngazi, wala si mteremko laini. Na mkondo wa kuingia ndani, ule unaouhuisha msukumo upya, waliukuta kwenye nodi peke yake. Mwalimu anayechora mishale anakupa jambo hili kwa mkupuo mmoja: kazi ya chaneli inafanyika hapa, kisha pale, na katikati hakuna. Mwanafunzi aliyelishika hilo anaelewa mara moja kwa nini nyuzi zenye myelini zina kasi kuliko zisizo nayo, ambazo hulazimika kufungua chaneli kila hatua ya njia.

Shida inakuja unapopiga hesabu. Chukua mtoto anayetembea peku pembezoni mwa Dodoma akakanyaga mwiba wa mgunga. Uzi wa mguso wenye unene wa mikromita 10 hupeleka msukumo kwa takriban mita 60 kwa sekunde. Kutoka wayo hadi uti wa mgongo ni kama mita moja, yaani nodi kama 1000, na safari nzima inachukua milisekunde 17 hivi. Kwa hiyo kutoka nodi hadi nodi ni mikrosekunde 17. Lakini nodi moja, tangu inapoanza kupanda hadi inaposhuka, inachukua kama nusu milisekunde, yaani mikrosekunde 500. Gawanya 500 kwa 17 utapata karibu 30. Maana yake ni kwamba wakati wowote ukiusimamisha msukumo huo, utakuta nodi kama 30 zikiwa kazini pamoja, kwenye kipande cha mguu chenye urefu wa sentimita tatu: za mbele zinapanda, za katikati ziko kileleni, za nyuma zinashuka.

Kitu kinachotakiwa kuruka kutoka nodi moja hadi inayofuata hakiwezi kuwa kwenye nodi 30 kwa wakati mmoja. Picha ya mishale inamfanya mwanafunzi aone nodi moja ikiwaka na kuzima, kisha nyingine, na aliyeipata hivyo atauliza swali lako lilelile, kwa haki kabisa. (Maumivu ya kuchoma ya mwiba uleule hupita kwenye nyuzi nyembamba zisizo na myelini, kwa mita moja hivi kwa sekunde. Ndiyo maana mtoto anausikia mchomo kwanza, na moto wake unafuata karibu sekunde moja baadaye.)

Basi kinachovuka katikati ni nini? Si ioni za sodiamu zilizoingia nodi ya kwanza. Hizo zinasogea umbali mdogo sana. Zinasukuma chaji zilizokuwa mbele yake, nazo zinasukuma zilizo mbele zaidi, kama bomba lililojaa maji ambalo ukisukuma upande mmoja, upande wa pili unamwaga papo hapo ingawa maji yaliyomwagika si yale uliyoyasukuma. Myelini inafanya kazi mbili hapa. Inazuia chaji isivuje kupitia utando, na inapunguza kiasi cha chaji kinachohitajika kubadilisha volteji ya utando, hivyo umeme mwingi unabaki kwa ajili ya nodi zilizo mbele.

Kuna jaribio ambalo pande zote mbili hulitumia. Mjapani Ichiji Tasaki alionyesha kwamba ukizima nodi moja kwa dawa ya ganzi, msukumo unapita. Hata ukizima mbili zinazofuatana, mara nyingi unapita bado. Ndiyo maana sindano ya ganzi haina budi kulowesha neva kwa urefu wa kutosha, nodi tatu au zaidi mfululizo. Watetezi wa mishale wanasema: mnaona, unaruka hata nodi iliyokufa! Mimi nalisoma kinyume. Kama nodi ya kwanza ingekuwa inaiamsha ya pili tu, na ya pili ndiyo inayoiamsha ya tatu, kuizima ya pili kungekuwa mwisho wa safari. Msukumo unapita kwa sababu mkondo wa nodi ya kwanza ulishaifikia ya tatu, na pengine ya nne, ukiwa umepungua lakini bado unatosha kuivusha kizingiti. Nodi yenye afya hutoa umeme unaozidi mahitaji ya jirani yake mara tano au zaidi, na ziada hiyo ndiyo inayowapa tabu madaktari wa ganzi.

Kinachonifanya nishike upande wa mkondo, hata hivyo, ni yale yanayotokea myelini inapoharibika. Katika magonjwa yanayoivua, nodi mara nyingi hubaki pale pale na chaneli zake. Kwa picha ya mishale, msukumo unaopita juu ya myelini haupaswi kujali sana kama myelini ni nene au nyembamba. Kwa picha ya mkondo unaweza kutabiri kila kitu. Chaji inavuja njiani, na utando uliovuliwa unadai chaji nyingi zaidi kabla volteji yake haijabadilika, hivyo nodi inayofuata inachelewa kufika kizingiti. Badala ya mikrosekunde 20, kipande kimoja kinaweza kuchukua mamia. Daktari anayepima kasi ya neva ya mkono huliona hilo: mkono wenye afya hutoa zaidi ya mita 50 kwa sekunde, uliovuliwa myelini hutoa pungufu sana. Uharibifu ukizidi, nodi haifiki kizingiti kabisa, na msukumo unafia hapo.

Joto nalo lina neno. Mwaka 1890 daktari Wilhelm Uhthoff alieleza wagonjwa wa aina hiyo ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi, kisha yakarudi walipopumzika. Mwili ukipata joto, kizibo cha chaneli za sodiamu hufunga haraka zaidi, sodiamu inayoingia inapungua, na nodi inatoa umeme mdogo zaidi. Mtu mwenye neva nzima hasikii lolote, maana ziada yake ni kubwa. Neva iliyokwisha kupoteza ziada yake, inayopitisha msukumo kwa taabu, inaweza kuzuiwa na ongezeko la nusu nyuzi ya joto tu. Mgonjwa wa namna hiyo akitembea kwa miguu katika jua la Oktoba la Dodoma anaweza kuona miguu ikilegea bila ugonjwa wake kusonga mbele hata kidogo.

Nakiri kwamba picha ya mkondo peke yake nayo inapotosha. Mwanafunzi anaweza kuondoka akidhani aksoni ni waya, na kwamba umeme ukishaingia unafika wenyewe. Haufiki. Bila nodi za kuuhuisha ungefifia ndani ya milimita chache, na wayo wa mtoto yule usingepeleka habari hata kwenye kifundo. Kwa hiyo sisemi mishale ifutwe. Nasema ishushwe: iwe ndani ya aksoni, chini ya myelini, ianzie kwenye nodi moja na kufika tatu nne mbele, mshale wa karibu ukiwa mnene na wa mbali ukiwa mwembamba.

Kwenye daftari lako chora nodi kama kumi kwa mfululizo, na chini ya kila moja andika volteji yake kwa wakati uleule mmoja. Hizo kumi ni sehemu ya mbele tu ya zile 30. Ya kwanza kushoto iandikie +30, na inayofuata kidogo pungufu. Kisha shuka taratibu hadi nodi ya kumi, ambayo bado iko karibu na −70. Katika mtihani andika kwamba sodiamu huingia kwenye nodi tu, kisha ongeza sentensi moja kuhusu mkondo unaosambaa ndani ya aksoni kwenda nodi za mbele. Ya kwanza ndiyo mwalimu wako anayoitafuta, na ya pili ndiyo jibu la swali lako.