A2 ama A3?

Mdogo wangu alimaliza shule ya udereva hapa Kisumu, leseni mkononi, tukakimbilia ofisi ya vibali. Karani akaitazama: leseni ya daraja la A2! Hiyo ni ya pikipiki yako mwenyewe. Ya kubeba abiria ni A3. Kwani mwalimu hakujua kijana anataka bodaboda? Si aliambiwa siku ya kwanza? Haya, arudi darasani, alipe tena!

Na fomu ya chama cha steji? Mwenyekiti haweki sahihi bila kibali. Kibali hakitoki bila barua ya mwenyekiti. Jamani, aanzie wapi, mbinguni? Pikipiki ya mkopo imelala uani, na mwenye pesa anapiga simu kila jioni. Ndugu zangu, kabla hamjalipa ada ya mafunzo, ulizeni: ni A2 ama A3?