Ruhusa ya mkuu na saini ya mzazi: nani anatoa ridhaa ya mtoto kuhojiwa?

"Shikamoo mwalimu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu utoro wa kidato cha pili, shule moja ya pwani hapa Bagamoyo. Dodoso langu lina maswali ya kazi za usiku ufukweni na nani anamtuma mtoto. Msimamizi wangu anataka saini ya kila mzazi. Mkuu wa shule anasema, 'Hapa mzazi wa wote ni mimi, nikikubali imetosha. Hizo karatasi utazisubiri mpaka Krismasi.' Nimsikilize nani?"

Marahaba. Msikilize msimamizi kuhusu saini, na mkuu kuhusu karatasi. Mkuu amekosea kidogo katika sheria, lakini kuhusu karatasi kurudi au kutorudi anajua kuliko mimi, wewe na msimamizi wako.

Nianze na hoja yake, maana watafiti wengi huipita mbio. Mkuu ndiye anayejua kwamba watoto wengi wa shule kama hiyo hawakai na wazazi. Wapo wanaolelewa na bibi, wapo wa shangazi, na wapo waliopangishiwa chumba mtaani kwa sababu nyumbani ni mbali, wanapika wenyewe. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo "mpelekee mzazi asaini," ataandika jina la baba kwa mkono wake mwenyewe akiwa chini ya mwembe, na wewe utahesabu umepata ridhaa. Kuna jambo jingine: kwa mtu aliyewahi kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mkopo au ya shamba na kuja kujuta, karatasi yoyote inayoomba saini ni ya kuogopwa. Mzazi huyo hakatai utafiti wako. Anakataa kusaini.

Na kwa mada yako hoja hiyo ina makali zaidi. Karatasi inabebwa na mwanafunzi, na mwanafunzi asiyekuja shule habebi karatasi. Tuseme una mikondo miwili, watoto 90. Fomu 60 zinarudi zikiwa na "nakubali," na 30 hazirudi. Tuseme tena kwamba wale 60 walikosa shule wastani wa siku 5 muhula uliopita, na wale 30 wastani wa siku 14. Darasa zima lina wastani wa siku 8, lakini tasnifu yako itaandika 5. Umeheshimu maadili yote na umetoka na picha ya darasa lisilokuwepo. Ndiyo maana wapo wanaotetea ridhaa ya kimya: wazazi wanapelekewa taarifa, na asiyerudisha fomu ya kukataa anahesabiwa amekubali. Njia hiyo kweli huleta watoto wengi zaidi, hasa wa nyumba ambazo karatasi hazirudi.

Hata hivyo sikushauri uifuate, na sababu kubwa imo ndani ya dodoso lako. Ungekuwa unapima kasi ya kusoma kifungu cha habari darasani, kitu ambacho mwalimu wa Kiswahili angekifanya Jumanne yoyote, ningeona kamati ya maadili ya chuo ina nafasi ya kukulegezea. Wewe unauliza nani anamtuma mtoto ufukweni usiku. Hapo unachukua habari za mtoto na za baba yake pamoja. Mtu hawezi kuhesabiwa amekubali kwa kunyamaza, na pengine amenyamaza kwa sababu yuko baharini.

Sheria nayo haimpi mkuu nafasi anayodhani anayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wa kidato cha pili karibu wote wamo humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na kanuni ya kawaida kwa kundi hilo ni ridhaa ya maandishi. Mkuu akiwa mlezi saa za shule, ulezi huo ni wa usalama, nidhamu na masomo. Anaweza kukufungulia lango, akakupa kipindi na chumba. Hawezi kumkubalia mtoto aeleze mambo ya nyumbani kwao.

Kuna anayedai kwamba dodoso halina jina, basi hakuna taarifa binafsi. Angalia ukurasa wa kwanza wa dodoso lako. Ukiuliza umri, jinsia, mkondo na kijiji, na darasani msichana wa miaka 17 anayetoka Mlingotini ni mmoja tu, umeshamtaja. Kijiji kiondoe kabisa, weka "karibu na ufuko / mbali na ufuko." Fomu za ridhaa, ambazo lazima ziwe na majina, zikae bahasha yake, na madodoso bahasha nyingine, yasiwe na namba inayoziunganisha.

Sasa saini zipatikaneje bila kusubiri Krismasi? Jibu la Bagamoyo liko kwenye mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, nyavu zinashonwa. Kwa hiyo siku mbili tatu za mwezi mpevu ndizo siku baba yuko nyumbani. Mwombe mkuu akuwekee dakika 20 kwenye kikao cha wazazi, na kikao kiangukie siku hizo. Pale uwaeleze kwa mdomo, wakuulize, ndipo fomu zigawiwe. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi anayemchagua yeye, kisha aweke dole gumba. Wasiofika uwafuate nyumbani na mjumbe wa mtaa, maana wengi wao ndio wazazi wa watoro unaowatafuta. Itakula siku nne, siyo miezi minne.

Fomu yenyewe iwe ukurasa mmoja, nakala mbili, moja ibaki kwa mzazi ikiwa na namba yako ya simu na ya msimamizi. Iwe na visanduku viwili, "nakubali" na "sikubali," ili aliyekataa aonekane kuwa tofauti na ambaye karatasi yake ilipotea. Sentensi inayosahaulika sana ni hii: "Majibu yatakuwa siri, isipokuwa nikiona mtoto yuko hatarini, ambapo nitamwarifu afisa ustawi wa jamii." Usiahidi siri isiyo na mpaka. Mtoto akiandika pembeni ya dodoso kwamba anapigwa hadi kuumia, huna haki ya kulifungia kwenye bahasha ukanyamaza. Kubaliana na mkuu mapema habari kama hiyo itaenda kwa nani, maana ikitokea siku yenyewe kila mtu atamwangalia mwenzake.

Baada ya mzazi, bado mtoto. Hapa ndipo ruhusa ya mkuu inapoweza kuharibu kila kitu bila yeye kujua. Mwaka mmoja nilikusanya data katika shule ambayo siitaji. Mkuu, kwa nia njema kabisa, alisimama mstarini asubuhi akatangaza, "Huyu ni mgeni wetu, kila mmoja ajaze vizuri." Hakuna hata mmoja aliyekataa. Nilipokaa kuyapitia, kwenye swali la kuchapwa viboko karibu wote walikuwa wameweka alama kisanduku kile kile cha "hapana," na mwalimu wa nidhamu alikuwa ameketi nyuma ya darasa muda wote. Madodoso yale niliyatoa kwenye uchambuzi. Tangu siku hiyo naandika kwenye barua kwamba mwalimu atanitambulisha kisha atatoka, na watoto wasiotaka watapewa kitabu cha hadithi wasome mahali pao, ili anayekataa asionekane akitoka mlangoni.

Kuhusu vibali sina mengi. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani, na ofisi yake iko Kibaha, siyo Bagamoyo, kwa hiyo tenga safari hiyo. Ungekuwa Tanga mjini, ofisi ya mkoa na ya jiji zingekuwa mji mmoja. Kutoka Kibaha unashuka wilayani, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Afisa Elimu Sekondari, ndipo kwa mkuu. Kila meza inaacha nakala na kutoa barua yake. Usianzie kwa mkuu ukidhani unarahisisha. Akikubali kabla ya barua ya juu, unamtia matatani yeye.

Muda hesabu ukirudi nyuma. Kidato cha pili wana mtihani wa taifa kuelekea mwisho wa mwaka, na kuanzia katikati ya Septemba hakuna mkuu atakayekuachia kipindi. Kabla ya hapo kuna likizo fupi ya Septemba. Kwa hiyo ukusanyaji uishe Agosti. Kikao cha wazazi kiwe kwenye mwezi mpevu wa kwanza baada ya shule kufunguliwa Julai, ufuatiliaji wa nyumbani wiki inayofuata, na dodoso lijazwe mwezi mpevu wa pili. Nasisitiza wa pili, kwa sababu wakati wa giza wavulana wanaokesha ufukweni ndio hawapo darasani. Lakini hilo nalo lina mtego. Ukiuliza "wiki iliyopita ulikosa siku ngapi," utawakuta katika wiki yao nzuri. Uliza tangu mbalamwezi iliyopita, wanajua kuhesabu hivyo kuliko unavyodhani.

Barua kwa mkuu iwe fupi, kitu kama hiki:

"Naomba kipindi kimoja cha dakika 40 kwa kila mkondo wa kidato cha pili, tarehe tutakayokubaliana mwezi Agosti, na dakika 20 katika kikao cha wazazi. Watakaoshiriki ni wale tu ambao wazazi au walezi wao wamesaini na wao wenyewe wamekubali siku hiyo. Jina la shule halitaandikwa. Muhtasari wa matokeo ya jumla nitauleta ofisini kwako, bila majibu ya mwanafunzi yeyote."

Watoto ambao fomu zao hazikurudi hata baada ya kuzunguka mitaani, usiwaguse. Mwombe mwalimu wa darasa afungue daftari la mahudhurio akupe wastani wa siku za kukosa kwa makundi mawili, walioshiriki na wasioshiriki, tarakimu mbili kwenye kipande cha karatasi bila jina. Hilo nalo litaje kwenye maombi yako ya maadili. Ukikuta 5 na 14, andika hivyo hivyo kwenye sura ya matokeo, na umwonyeshe mkuu tarakimu hizo kabla hujazipeleka kwa msimamizi.